Kupima umbali kwa picha mbili za simu: maswali ninayoulizwa kila siku

Mwezi wa kwanza nilikuwa nataka kujua ni mita ngapi kutoka kisimani hadi kwenye mbuyu mmoja ulio ng'ambo ya korongo, huku kwetu upande wa Hombolo, maana kale kashamba ka zabibu kako ng'ambo na bomba la maji ilikuwa lazima livuke. Mvua ndo zilikuwa zimechachamaa, korongo limejaa maji ya tope, hamna wa kukatiza na tepu. Nikapiga picha ya mbuyu, nikasogea pembeni mita 4, nikapiga nyingine, jioni nikakaa na kompyuta nikapata namba. Babu jirani aliyekuwa anachunga mbuzi alinitazama weee mwisho akauliza, "Mjukuu wangu, huo mbuyu picha moja haujatokea vizuri?" Nikamwambia shikamoo kwanza, halafu nikaanza kueleza, na toka siku hiyo sijaacha kueleza. Basi nimeyaweka hapa yote ninayoulizwa.

Hivi picha mbili zinajuaje umbali? Picha si bapa tu?

Picha moja ni bapa kweli, haijui kitu. Mbili ndo zinajua, na we mwenyewe unaweza kuona sa hivi bila simu. Nyoosha mkono mbele, simamisha kidole gumba kielekee kitu cha mbali, tuseme nguzo ya umeme, halafu funga jicho la kushoto, fungua, funga la kulia. Kidole kinaruka kutoka upande mmoja wa nguzo kwenda mwingine, na hujakisogeza. Kilichobadilika ni mahali unapotazamia, maana macho yako yameachana sentimita 6 na kitu. Sasa lete kidole karibu na pua urudie, kinaruka zaidi. Kipeleke mbali, kinaruka kidogo. Hapo ndo umbali ulipojificha.

Ni kilekile unachokiona ukiwa dirishani kwenye basi la Morogoro, nguzo za pembeni ya barabara zinakimbia nyuma mbio, mibuyu ya katikati ya pori inapita taratibu, na milima ya mbali kule inakusindikiza kama vile haitembei. Basi limesogea umbali uleule kwa vyote vitatu, ila cha karibu kimehama sana na cha mbali kidogo. Huko kuhama ndo wanakuita paralaksi. Sisi tunachofanya ni kupima kitu kimehama piseli ngapi kwenye picha, basi.

Fomula ni ipi, isiwe ya kutisha?

Hii hapa, nzima:

```
D = b * f / s
```

D ni umbali unaoutafuta, kwa mita. b ni hatua uliyosogea pembeni kati ya picha ya kwanza na ya pili, nayo kwa mita. s ni msogeo, yaani kitu kimehama piseli ngapi. Na f ni namba ya lenzi ya simu yako ikisomwa kwa piseli, hiyo nitaieleza hapo chini maana ndo inayosumbua watu. Ukitazama utaona msogeo uko chini ya mstari, kwa hiyo msogeo ukipungua nusu umbali umekuwa mara mbili. Hamna pembe, hamna saini na kosaini, ni kuzidisha na kugawanya tu, kikokotoo cha simu kinatosha.

Hiyo f naitoa wapi? Kwenye boksi la simu haipo.

Haipo, na hata ukiikuta imeandikwa kwa milimita kwenye maelezo ya picha haikusaidii moja kwa moja. Ipime mwenyewe, ni dakika 10 na unaipima mara moja tu kwa kila simu.

Tafuta ukuta ulionyooka, bandika vipande viwili vya karatasi vilivyoachana mita 2 kamili, kwa usawa wa macho. Pima mita 5 kutoka ukutani, simama hapo ukielekea katikati ya zile karatasi, kamera iutazame ukuta moja kwa moja isiutazame kwa upande. Piga picha bila kuvuta zumu. Halafu ifungue kwenye kompyuta, hata Paint inatosha, ukiweka mshale juu ya picha inakuonesha chini namba mbili, ya kwanza ndo piseli kutoka ukingo wa kushoto. Soma namba ya karatasi ya kushoto, soma ya kulia, toa. Mimi zilipishana piseli 1212. Sasa:

```
f = 1212 * 5 / 2 = 3030
```

Ndo namba ya simu yangu, picha ikiwa na upana wa piseli 4000. Yako itakuwa nyingine, ila kwa kamera kuu ya simu nyingi zenye picha ya upana huohuo utaikuta kwenye elfu tatu na kidogo hivi, ukipata 300 au 12,000 rudia kupima kuna kitu umekosea. Watu wengine wanapimia kwa rula mezani, nusu mita kutoka kwenye lenzi, mi sishauri maana lenzi inasogea ikilenga kitu cha karibu sana na namba inabadilika kidogo, halafu kosa la sentimita 1 kwenye nusu mita ni asilimia 2 nzima umeshaipoteza kabla hujaanza.

Kwa nini unang'ang'ania kuwe na mlima nyuma ya kitu? Si nisome tu kitu kilipo kwenye picha zote mbili?

Hili ndo swali lenyewe, na ndo linalowaangusha wengi, hata mi liliniangusha siku ya kwanza.

Fomula inadhani kamera imesogea pembeni tu na bado inatazama upande uleule. Mkono wa binadamu hauwezi hiyo. Ukitoka hapa ukaenda mita 4 pembeni, ukanyanyua simu tena, lazima umeigeuza kidogo, na kugeuza kunahamisha kila kitu kwenye picha. Kwa simu yangu digrii moja tu ni piseli 53. Mbuyu ulio mita 150 unahama piseli kama 80 kwa hatua ya mita 4, sasa fikiria kosa la piseli 53 juu ya 80, hapo huna kipimo una ramli.

Mlima unakuokoa kwa sababu uko mbali mno, hatua yako ya mita 4 kwake si kitu, haihami. Kwa hiyo mlima ukionekana umehama kwenye picha, huko kuhama ni mkono wako uliogeuka, na mbuyu nao umehamishwa na mkono huohuo kiasi hichohicho. Unachosoma basi si mahali mbuyu ulipo kwenye picha, bali nafasi kati ya mbuyu na mlima. Picha ya kwanza nafasi ni ngapi, ya pili ni ngapi, tofauti ya hizo mbili ndo msogeo wa kweli. Mkono umetetemeka, umegeuka, yote inajifuta yenyewe.

Masharti mawili tu. Mbuyu na hiyo alama ya mlimani viwe karibukaribu kwenye picha, na vyote viwe katikati ya picha siyo pembeni, maana pembeni ya picha lenzi inavuta vitu na piseli moja ya pale si sawa na piseli moja ya katikati. Na simu ishikwe imelala sawa, isipinde upande, la sivyo nafasi ya kulala inaanza kuchanganyika na ya kusimama.

Haya tuoneshe ya mbuyu, namba kwa namba.

Nilichukua kamba ya katani, nikaipima mita 4 kwa tepu nikaifunga fundo huku na huku, nikaitandaza chini karibu na kisima. Ili iwe pembeni kweli na siyo ya mshazari, nilitumia mfuniko wa boksi la viatu, ukingo mmoja nikauelekeza kwenye mbuyu na ule mwingine ndo ukanionesha kamba ielekee wapi. Nyuma ya mbuyu kuna kilima cha mawe, juu yake mawe mawili yameachana kama meno, katikati pana mwanya mkali unaoonekana vizuri. Huo mwanya ndo ukawa alama yangu ya mbali. Kwenye mbuyu nilichagua ukingo wa kushoto wa shina, chini ya matawi.

Fundo la kushoto, picha ya kwanza. Fundo la kulia, picha ya pili. Nyumbani nikasoma kwenye Paint:

```
picha ya kushoto:  mbuyu 2148   mwanya 1890   nafasi 258
picha ya kulia:    mbuyu 2031   mwanya 1849   nafasi 182
msogeo s = 258 - 182 = 76
```

Ona mwanya wa mlimani umetoka 1890 ukaenda 1849, piseli 41. Mlima haujatembea, ni mimi niliyegeuza simu kama robo tatu ya digrii bila kujua, na nilikuwa najiona nimetulia kama nguzo. Ningesoma mbuyu peke yake ningetoa 2148 kwa 2031 nikapata 117, halafu:

```
4 * 3030 / 117 = 103.6
```

Mita 103. Ningenunua bomba la mita 103 nikafika nalo katikati ya hewa. Kwa msogeo wa kweli wa 76:

```
4 * 3030 / 76 = 159.5
```

Mita 159 na nusu. Hilo nalo si jibu la mwisho, endelea swali linalofuata.

Subiri, mlima nao si uko mahali fulani? Si unahama kidogo?

Unahama ndiyo. Kilima changu kwenye ramani ya simu kiko kama kilomita 4 kutoka kisimani. Kwa hatua ya mita 4 kinahama piseli 3, ni kidogo ila ipo, na kwa kuwa tulikichukulia kama hakihami tumeuibia mbuyu piseli 3 za msogeo wake, ndo maana ukaonekana uko mbali kuliko ulivyo. Kurudisha haki ya mbuyu unafanya hivi:

```python
b = 4.0
f = 3030
s = 258 - 182
mlima = 4000
D = 1 / (s / (b * f) + 1 / mlima)
print(round(D, 1))
```

Inatoka 153.4. Ukiwa huna Python piga kwa kikokotoo, 76 gawanya kwa 12,120, ongeza 1 gawanya kwa 4000, halafu 1 gawanya kwa jibu.

Kizuri ni kwamba umbali wa mlima wenyewe hauhitaji usahihi. Ningesema uko kilomita 5 badala ya 4 ningepata 154.5, ningesema 3 ningepata 151.4. Yaani umekosea kilomita nzima kwenye mlima, mbuyu umesogea mita 1 au 2 tu. Ila alama yako ya nyuma ikiwa karibu mambo yanabadilika. Ningetumia mnara wa simu ulio mita 400 nikausahau kuuingiza kwenye hesabu, msogeo ungeonekana kama piseli 49 na mbuyu ungetoka uko karibu mita 250. Kwa hiyo nyuma kukiwa na kilima cha mbali usijisumbue sana, kukiwa na kitu cha karibu lazima umbali wake uujue na uuingize.

Hatua nisogee kiasi gani? Mita 1 haitoshi?

Inategemea kitu kiko mbali kiasi gani, na hapa kuna jambo ambalo watu hawalitarajii, kosa halikui pamoja na umbali, linakua kwa mraba wa umbali. Umbali ukiwa mara mbili kosa linakuwa mara nne.

Chukua simu yangu na hatua ya mita 4, tuseme nimekosea kusoma piseli 1 tu. Kitu kikiwa mita 30, kosa ni sentimita 7, husikii chochote. Kikiwa mita 150 ni karibu mita 2. Kikiwa mita 300 ni mita 7 na nusu, kikiwa mita 600 ni mita 30 nzima. Na hapo nimesema piseli 1, wakati unasoma namba nne kwenye picha mbili, kosa la piseli 2 ni la kawaida kabisa ukiwa umechoka au picha ina ukungu.

Dawa ni kuongeza hatua. Hatua ikiwa mara mbili kosa linakuwa nusu. Mi naenda kwa makadirio kwamba hatua iwe kati ya sehemu moja ya 40 na moja ya 20 ya umbali unaoufikiria, kwa mita 150 ni kati ya mita 4 na 7 na nusu, kwa mita 600 ni kuanzia mita 15. Hatua ya mita 1 kwa ule mbuyu ingenipa piseli 19 tu, kosa la piseli 2 hapo ni zaidi ya mita 15 huku au kule, hiyo si kupima ni kukisia.

Ukisogea sana nako kuna tabu yake, mbuyu na mlima vinaachana mno kwenye picha, kimoja kinaenda pembeni kwenye lenzi inayovuta, au kinatokea kichaka kikakufunika alama. Kwa hiyo si kwamba ukisogea nusu kilomita ndo fundi.

Siku ileile nilirudia kwa kamba ya mita 6, msogeo ukatoka 116, jibu 150.8. Ile ya mita 4 ilisema 153.4. Zinapishana mita 2 na nusu, na hiyo ndo ilinipa moyo zaidi ya jibu lenyewe, maana majozi mawili yenye hatua tofauti yakikubaliana ni vigumu yote yawe yamekosea upande mmoja.

Sina tepu, nikihesabu hatua za miguu?

Unaweza, ila jua unachokipoteza. Hatua ya b ikiwa na kosa la asilimia fulani, umbali unabeba asilimia hiyohiyo bila kupunguza hata kidogo. Kukosea sentimita 10 kwenye mita 4 ni asilimia 2 na nusu, kwenye mbuyu ni karibu mita 4. Na miguu ya mtu kwenye tifutifu la Dodoma haikanyagi sawa na kwenye lami. Kama lazima, tafuta mahali penye mita 20 zinazojulikana, tembea kawaida mara tatu, hesabu hatua, gawanya, ndo uende na hiyo namba. Bora zaidi ni kitu unachokijua urefu, ngazi, bati la mita 3, mbao ya dukani. Mi sa hivi ile kamba yenye mafundo inakaa kwenye begi.

La kwenda mshazari pia liangalie. Ukipinda digrii 10 unapoteza asilimia moja na nusu, haiumi. Ukipinda digrii 30, mita 4 zako zinafanya kazi kama mita 3 na nusu hivi, na jibu linazidi kwa asilimia kama 15.

Nimepata jibu la ajabu kabisa, kwa mfano mita 60 wakati naona ni mbali. Nimekosea wapi?

Cha kwanza nitakachokuuliza, picha umezitoa wapi? Kama umejitumia kwa WhatsApp ndo ugonjwa wenyewe. Inazipunguza picha, yangu ya upana wa 4000 ilifika kwenye kompyuta ikiwa na 1600. Piseli zimepungua lakini f bado unatumia 3030, kwa hiyo msogeo wa 76 unausoma kama 30 na jibu linaruka hadi mita 400. Angalia upana wa picha kabla hujasoma chochote. Tuma kama dokumenti au chomeka waya. Au kama huna namna, punguza f kwa kiasi hichohicho, 3030 mara 1600 gawanya kwa 4000, unapata 1212, na unakubali usahihi umeshuka.

Cha pili ni lenzi. Simu za siku hizi zina lenzi mbili tatu nyuma, na zinabadilishana zenyewe bila kuomba ruhusa, hasa jioni mwanga ukipungua au ukigusa zumu kwa bahati mbaya. Ukipiga moja kwa lenzi hii na nyingine kwa ile, kila kitu kwenye picha kinakuwa kikubwa au kidogo. Namna ya kujua ni rahisi, pima upana wa kitu kilekile kwenye picha zote mbili, mimi napima shina la mbuyu. Upana ukipishana zaidi ya piseli moja mbili, tupa zote urudi. Video nazo usikate picha humo, simu inakata kingo ili kutuliza mtetemo na f inakuwa nyingine kabisa.

Jibu likiwa dogo kuliko inavyopaswa, kama hiyo mita 60, mara nyingi ni kwamba umesoma kitu peke yake bila mlima na mkono uligeuka. Na kama msogeo umetoka hasi, yaani nafasi imeongezeka badala ya kupungua, usiogope, unaweza kuwa umebadilisha picha ya kushoto na ya kulia, au alama yako ya nyuma iko mbele ya kitu na hukujua. Ukisogea kulia, kilicho karibu lazima kihame kushoto kikilinganishwa na cha nyuma. Kama kwako kimehama kulia na picha hujazichanganya, basi kile ulichodhani kiko nyuma ndo kiko karibu.

Halafu kuna makosa madogo ya kimyakimya. Usisome majani wala tawi, upepo wa huku unajua mwenyewe, tawi likiyumba sentimita 20 kwa umbali ule ni piseli 4, na piseli 4 ni karibu mita 8. Soma shina, kona ya nyumba, nguzo. Na mchana wa mwezi wa kumi usihangaike, hewa juu ya ardhi inacheza kama juu ya kikaango na ukingo wa kila kitu unatetemeka. Asubuhi mapema ndo muda wake.

Kwetu hamna mlima, ni tambarare na mbingu. Nifanyeje?

Tafuta chochote cha mbali, mnara wa simu, tangi la maji, mti mkubwa upeoni, umbali wake usome kwenye ramani na uutie kwenye ile hesabu ya hapo juu, pale palipoandikwa mlima. Mawingu hapana, yanatembea. Kuna mtu alinishauri mwezi, na si wazo baya, mwezi uko mbali mno huna haja ya kuurekebisha, shida ni kwamba mbingu inazunguka. Kwa simu yangu mwezi unahama kama piseli 13 kwa dakika, kwa hiyo picha mbili zinatakiwa zipigwe ndani ya sekunde 10, na hata hapo umepoteza piseli 2. Labda muwe wawili wenye simu zinazofanana mpige kwa pamoja, mmoja kila fundo, hapo sawa.

Kama hamna kitu kabisa, weka simu juu ya ubao ulionyooka, mgongo wake ukigusa ukingo, uisogeze kwa kuiburuza bila kuinyanyua. Inafaa kwa vitu vya karibu, mita 10 au 20. Kwa mita 150 ubao wa mita 2 haukufikishi.

Ni kweli nyota zinapimwa hivihivi?

Kweli. Wanasubiri dunia iende upande wa pili wa jua, miezi 6, hapo hatua yao ya pembeni ni kama kilomita milioni 300, na nyota za mbali zaidi nyuma ndo mlima wao. Bessel, mtaalamu wa nyota wa Kijerumani, alitangaza mwaka 1838 umbali wa nyota inayoitwa 61 Cygni kwa njia hiyo, iko kama miaka 11 ya mwanga. Kwa simu usijaribu, piseli moja ya kwangu ni kubwa zaidi ya mara 100 kuliko msogeo wote wa nyota hiyo.

Mwisho wa yote bomba lilitosha?

Mvua zilipokata, korongo likakauka, nikavuka na kijana mmoja na tepu ya mita 50, tukaivuta imekaza hewani kadiri tulivyoweza, ikatoka mita 152. Picha za mita 4 zilikuwa zimezidi kwa mita 1.4, za mita 6 zimepungua kwa mita 1.2. Nikatembea naringa siku nzima.

Ila bomba lenyewe nusura linitie aibu. Picha zinakupa umbali wa kunguru, mstari ulionyooka angani, na bomba si kunguru, linashuka korongoni, linapita kwenye mchanga, linapanda kingo ya pili. Nilipanga roli 3 za mita 50 na kipande kidogo cha kuungia. Fundi alipotandaza, roli la tatu likaishia chini ya kingo ya ng'ambo, mbuyu uko palee juu. Nikarudi mjini kwa bodaboda kufuata la nne.